Kwa Nini Hifadhidata Iliyoanguka Huchukua Saa Nyingi Kurudi, Hata Nakala Ikiwapo

Hotuba hii ilitolewa Mombasa mbele ya mameneja wa maghala na wa kampuni za uwakala wa forodha. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mabibi na mabwana, asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Naomba nianze na Alhamisi moja. Saa nane na dakika kumi mchana, mfumo wa ghala moja la makontena upande wa Changamwe ulisimama. Karani wa langoni alibonyeza kitufe cha kutoa kibali, na badala ya kibali akapata maneno ya makosa. Malori yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani, na kila mmoja wenu anajua foleni ya namna hiyo inamaanisha nini kwa mteja ambaye siku zake za kuhifadhiwa mzigo bila malipo zinamalizika jioni hiyo. Meneja wa ghala hilo, mama makini ambaye nimemhudumia kwa miaka kadhaa, alinipigia simu kabla sijamaliza chakula changu.

Akaniuliza: "Kaka, nakala ya hifadhidata tunayo au hatuna?"

Nikamjibu: "Tunayo, mama. Nzima kabisa."

"Basi irudisheni. Dakika ngapi?"

Nikamwomba anipe dakika arobaini kabla ya kumtajia muda wowote. Dakika hizo zilipokwisha nilimwambia kwamba mfumo ungefunguliwa kati ya saa tatu na saa tatu na nusu usiku. Kimya kilichofuata katika simu ile ndicho kilichonileta mbele yenu leo. Kama nakala ipo, kama seva ipo, kama mafundi wapo, muda wa saa saba unakwenda wapi? Na kwa nini fedha, amri, wala watu wa ziada haviwezi kuupunguza?

Swali hilo ni la haki, na nitalijibu kwa kufuata saa hizo saba moja baada ya nyingine. Lakini kwanza nawaomba mnivumilie nieleze kitu kimoja kuhusu jinsi hifadhidata inavyoandika, kwa sababu bila hicho mengine yote yataonekana kama visingizio vya mafundi.

Wengi wenu mmelelewa katika biashara, na wazee wetu wa Marikiti na Kongowea walikuwa na vitabu viwili dukani. Kulikuwa na daftari lililokaa karibu na mkono, ambamo kila tukio liliandikwa papo hapo kwa mfuatano wake: fulani amechukua gunia mbili, fulani amelipa nusu, mzigo umeingia. Na kulikuwa na leja, kitabu kikubwa, ambamo kila mteja alikuwa na ukurasa wake. Daftari lilijazwa haraka, mstari chini ya mstari. Leja ilijazwa polepole, kwa sababu kila tukio lilimlazimu karani atafute ukurasa unaohusika, asahihishe salio, kisha afungue ukurasa mwingine mbali na ule wa kwanza.

Hifadhidata inafanya kazi kwa mtindo huo huo. Nitazungumzia PostgreSQL, kwa sababu ndiyo iliyokuwa katika ghala lile, ingawa nyinginezo kubwa zinafuata kanuni isiyo tofauti sana. Karani wako anapotoa kibali, PostgreSQL huandika tukio hilo kwanza katika daftari, ambalo ni mfululizo wa faili katika folda inayoitwa `pg_wal`, kila faili ikiwa na megabaiti 16. Daftari likishafika kwenye diski, karani anaambiwa kwamba kazi yake imekubaliwa. Ukurasa wa leja, yaani jedwali lenyewe la makontena au la ankara, hubadilishwa katika memori ya kompyuta, na huandikwa kwenye diski baadaye. Kila baada ya muda, kwa kawaida dakika tano au mapema zaidi kazi ikiwa nyingi, mfumo unahakikisha kwamba kurasa zote zilizobadilika zimefika kwenye diski, kisha unapiga mstari katika daftari: kila kilicho juu ya mstari huu kimo katika leja.

Sasa nawauliza: stima ikikatika ghafla, ni nini kinachopotea? Memori inafutika, na pamoja nayo kurasa za leja ambazo hazijafika kwenye diski. Lakini daftari lipo. Seva ikiwaka, PostgreSQL inautafuta mstari wa mwisho uliopigwa, inaanza kusoma matukio yaliyo chini yake, na kuyaandika upya katika leja moja baada ya jingine. Kwa kuwa mistari hupigwa mara kwa mara, kazi hiyo kwa kawaida ni ya dakika chache tu. Huo ndio uangukaji mwepesi, na wengi wenu mmewahi kuupitia bila kujua.

Alhamisi ile haikuwa hivyo. Diski iliyobeba leja yenyewe ilikufa, na leja inapopotea yote, kurudi kwenye mstari wa mwisho hakusaidii kitu. Unahitaji leja ya zamani iliyonakiliwa siku fulani, na unahitaji daftari lote la tangu siku hiyo. Nakala kamili ya mwisho ilikuwa imechukuliwa usiku wa kuamkia Jumatatu. Baina ya Jumatatu ile na Alhamisi mchana kulikuwa na siku tatu na nusu za kazi ya ghala.

Tuzifuate sasa saa zenyewe.

Dakika arobaini za kwanza ndizo zinazomuudhi meneja kuliko zote, kwa maana haoni chochote kikifanyika. Mama yule alisema jambo ambalo meneja yeyote angelisema: "Hiyo seva imeharibika. Ifuteni, mpange upya, muanze." Namshukuru Mungu kwamba alikubali kungoja, maana ndani ya seva ile kulikuwa na diski ya pili ambayo haikuwa imekufa, na juu ya diski hiyo ndipo daftari lilipokuwa likiandikwa. Faili za daftari hupelekwa kwenye hifadhi ya mbali, lakini kwa kawaida faili hupelekwa ikishajaa, au baada ya muda maalumu kupita. Faili ya mwisho, ile iliyokuwa ikiandikwa saa nane na dakika kumi, haikuwa imepelekwa popote. Ilikuwa kwenye diski ile tu. Lau tungeifuta seva kwa haraka ya kuanza, vibali vya mwisho vilivyotolewa langoni vingepotea, na malori yaliyokwisha kuondoka yangeonekana katika mfumo kana kwamba mizigo yake bado imo ghalani.

Kwa hiyo tulianza kwa kunakili kila kilichobaki na kukiweka pembeni kabla ya kugusa chochote, kisha tukapima: nakala ni kubwa kiasi gani, faili za daftari ni ngapi, mtandao una kasi gani. Vipimo hivyo ndivyo vilivyoniwezesha kumtajia saa ya kufungua. Fundi anayekutajia muda kabla ya kupima anakubahatishia, na wewe utawaahidi wateja wako kwa bahati yake.

Ilikuwa imefika saa tisa kasoro dakika kumi. Dakika ishirini na tano zilizofuata zilikwenda katika kuandaa seva nyingine. Hilo halina mengi ya kuelezwa.

Kisha likaja jambo la pili, ambalo ni kubeba nakala. Hifadhidata ile ilikuwa na gigabaiti 900, na ilikaa katika hifadhi iliyounganishwa na seva kwa mtandao wa gigabiti moja kwa sekunde, ambao katika utendaji hupitisha megabaiti zipatazo 110 kwa sekunde. Gawanyeni 900,000 kwa 110. Mnapata sekunde zaidi kidogo ya 8,000, yaani muda wa saa mbili na robo. Katika hesabu hiyo hakuna mahali pa kuweka bidii ya mtu. Ningekuwa peke yangu chumbani au ningekuwa na mafundi ishirini, waya ni ule ule na upana wake ni ule ule. Meneja alipopendekeza niongeze watu, nilimweleza hivyo, naye alielewa mara moja, kwa sababu yeye mwenyewe anajua kwamba wapakiaji kumi hawaifanyi kreni moja inyanyue makontena kumi kwa wakati mmoja.

Mkidhani hili ni tatizo la kampuni ndogo za pwani, hebu nisimulie lililowapata watu wenye uwezo mkubwa kuliko sisi. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, ilikuwa na hifadhidata ya PostgreSQL ya gigabaiti zipatazo 300. Usiku huo mhandisi mmoja, akijaribu kurekebisha seva ya pili iliyokuwa imebaki nyuma, alifuta folda ya data katika seva kuu akidhani yuko katika ile ya pili. Alitambua baada ya sekunde moja au mbili na kusimamisha amri, lakini zilikuwa zimebaki gigabaiti 4.5 tu. Walipoitafuta nakala ya kila siku, walikuta mahali pa kuihifadhi ni patupu: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo 9.2 ilhali hifadhidata yenyewe ni ya toleo 9.6, kwa hiyo kila usiku ilishindwa, na barua pepe za kuonya juu ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa zisifike. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla ya tukio, kwa ajili ya majaribio.

Basi wakaanza kuibeba, na hapa ndipo ninapotaka mtazame. Nakala ilikuwa kwenye seva za majaribio zenye diski za bei nafuu, na ilisafiri kwa megabiti 60 kwa sekunde, yaani megabaiti saba na nusu. Kwa gigabaiti 300, kubeba peke yake ni muda wa zaidi ya saa kumi na moja. Huduma yao ilirudi baada ya takriban saa kumi na nane, na kazi ya zile saa sita ikapotea. Wahandisi hawakukosekana, wala fedha hazikukosekana, na dunia nzima ilikuwa ikiwatazama, kwa maana waliitangaza kazi yenyewe moja kwa moja kwenye mtandao. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoongeza kasi ya diski zile.

Tukirudi Changamwe, saa kumi na moja na nusu jioni leja ya Jumatatu ilikuwa imekwisha kufika kwenye seva mpya. Meneja akapiga simu: "Nakala imefika. Si mfungue basi?"

Nawaomba mtulie hapa pamoja nami, kwa sababu hili ndilo eneo ambalo haraka huleta madhara makubwa kuliko yote.

Nakala ile ilichukuliwa usiku, huku ghala likiendelea na kazi, kwa sababu ghala halilali. Kunakili kulianza saa saba usiku na kuchukua zaidi ya muda wa saa mbili. Fikirieni kontena moja lililokuwa sehemu A ya uwanja. Saa saba na robo ukurasa wa sehemu A ulinakiliwa, na kontena limo. Saa nane kreni ikalihamishia sehemu C. Saa tisa ukurasa wa sehemu C ukanakiliwa, na kontena limo humo pia. Nakala hiyo, mkiifungua kama ilivyo, ina kontena moja mahali pawili. Nayo haina kosa. Ndivyo nakala za namna hii zilivyo, kurasa zake ni za nyakati tofauti, na kinachozilinganisha ni daftari. Mpaka matukio yote ya saa zile za kunakili yarudiwe, kilichomo katika seva bado si hifadhidata, ni rundo la kurasa. PostgreSQL yenyewe inalijua hilo, na mtu akijaribu kuingia wakati huo inamrudisha:

```
FATAL:  the database system is not yet accepting connections
```

Mameneja wengi wakiona neno `FATAL` hudhani jambo jipya limeharibika. Hapana. Maana yake ni kwamba mfumo bado unaamka na haujawa tayari kupokea mtu.

Baada ya hapo kazi ya kurudia matukio inaendelea kutoka Jumatatu kuelekea Alhamisi. Ghala lile lilizalisha gigabaiti zipatazo 40 za daftari kwa siku, na kwa siku tatu na nusu tulikuwa na gigabaiti 140, ambazo ni faili 8,960. Kwa vifaa vyetu, faili moja ilichukua kama sekunde moja. Jumla yake ni muda wa karibu saa mbili na nusu.

Kwa nini faili hizo zisigawiwe kwa makarani kumi, kila mmoja arudie sehemu yake? Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lake limo katika daftari la duka. Mstari wa kwanza unasema kontena limeingia. Wa pili unasema ankara imetolewa. Wa tatu unasema ankara imelipwa. Wa nne unasema kontena limetoka. Karani wa pili akianza na mstari wa nne kabla wa kwanza hajamaliza ule wa kwanza, anatoa kontena ambalo halijaingia. Na si mpangilio wa biashara tu, ni wa kurasa zenyewe: tukio moja linaongeza ukurasa mpya, tukio linalofuata linaandika ndani ya ukurasa huo. Ndiyo maana PostgreSQL humpa kazi hii karani mmoja, yaani mchakato mmoja, unaosoma mstari baada ya mstari. Seva yako inaweza kuwa na vichakato 32, na 31 kati yake vikakaa bila kazi wakati huo.

Sasa nisimulie la ghala jingine, ambalo sitalitaja. Kwao haikuwa diski iliyokufa, bali stima ilipotea na jenereta ikachelewa. Nimesema kwamba kuamka kwa namna hiyo ni kwa dakika chache, lakini wao walikuwa wameongeza umbali baina ya mistari inayopigwa katika daftari ili mfumo uwe mwepesi mchana, wakauruhusu kufikia gigabaiti 48. Hilo ni chaguo halali, ila gharama yake hulipwa siku ya kuanguka: kwa diski zao, kuyarudia matukio ya kiasi hicho kulihitaji dakika kama arobaini. Toleo lao la PostgreSQL lilikuwa la 12, ambalo halionyeshi maendeleo kwenye kioo. Walitazama mstari mmoja usiosogea, na baada ya dakika ishirini mkubwa akaamuru seva izimwe na kuwashwa upya.

Je, ilipowaka iliendelea pale ilipoachia? Haikuendelea. Katika kuamka kwa namna hii hakuna mstari mpya unaopigwa njiani, kwa hiyo inarudi kwenye mstari ule ule wa mwanzo. Walingoja dakika ishirini na tano nyingine, wakazima tena. Zijumlisheni hizo: dakika arobaini na tano, ilhali dakika arobaini za utulivu zingetosha.

Ndipo mmoja wao akapata mtandaoni amri inayofungua hifadhidata papo hapo:

```
pg_resetwal -f
```

Ikafunguka kwa sekunde mbili, na watu wakapongezana. Ndugu zangu, amri hiyo hailipi deni lililomo katika daftari, inalitupa daftari lenyewe na kuiambia leja kwamba haidaiwi chochote. Watengenezaji wa PostgreSQL wameiandikia onyo kwamba ni ya mwisho kabisa, na kwamba aliyeitumia anapaswa kutoa data yote mara moja na kuipakia katika hifadhidata mpya. Hawakufanya hivyo. Waliendelea na kazi. Wiki tatu baadaye mhasibu wao akakuta risiti mbili zenye namba moja, kitu ambacho mfumo haukupaswa kukiruhusu kabisa, kwa sababu faharasa inayozuia namba kujirudia ilikuwa haifanani tena na jedwali lake. Wakachimba zaidi, wakakuta makontena yaliyotoka zamani bado yamo uwanjani, na malipo ambayo nusu yake iliandikwa na nusu haikuandikwa. Wakakimbilia nakala. Nakala zao ziliwekwa kwa siku kumi na nne, kisha za zamani hufutwa. Kila nakala iliyobaki ilikuwa imechukuliwa baada ya ile amri, na ubovu ulikuwa umo ndani yake. Walimaliza miezi miwili wakilinganisha karatasi za langoni na mfumo, kontena kwa kontena. Niliombwa kusaidia katika kazi hiyo, na sijapata kuona watu waliochoka namna ile.

Nasema hivi ili mwelewe kwamba njia ya mkato ipo, inaandikwa kwa maneno mawili, na fundi wako anaijua. Ukimsukuma vya kutosha, anaweza kuitumia.

Kuna jambo moja la manufaa nataka mlijue katika saa hizo za kungoja. Badala ya kuuliza "bado?", muulizeni fundi amefika faili ya ngapi kati ya ngapi. Kila faili inapomalizwa kutolewa kwenye hifadhi, jina lake huandikwa hivi:

```
LOG:  restored log file "00000001000002A30000007F" from archive
```

Jina hilo ni namba inayopanda. Fundi anajua faili ya mwisho ni ipi, kwa hiyo akitazama jina la sasa, na lile la dakika kumi zilizopita, anaweza kukupa makadirio ya kweli. Mkumbuke tu kwamba mwendo hauwi sawa wakati wote. Kwetu, faili za usiku wa Jumanne, ambao ankara za mwezi zilitolewa, zilikwenda polepole karibu mara tatu kuliko nyingine, kwa kuwa ziligusa kurasa zilizotawanyika diski nzima. Meneja aliona mwendo umepungua akaingiwa na hofu. Lakini namba ilikuwa bado inapanda, na namba inayopanda ni dalili kwamba kazi inaendelea. Isiposogea kwa dakika kumi hivi, hapo ana haki ya kuuliza kwa ukali.

Karibu saa moja jioni lilitokea jambo jingine. Msimamizi mmoja wa uwanja alipiga simu kwa furaha kusema mfumo umefunguka na yeye anayaona makontena. Alikuwa anasema kweli. Kurasa zikishalingana, PostgreSQL inaweza kumruhusu mtu asome bila kuandika, huku matukio yakiendelea kurudiwa. Lakini alichokiona kilikuwa uwanja wa Jumatano asubuhi. Lau angewatuma vijana kutafuta makontena kwa orodha ile, wangetafuta mizigo iliyokwisha kufika Nairobi. Tulimfungia njia hiyo mpaka mwisho, na tangu siku ile ninaifunga mapema, kabla ya mtu kuiona.

Saa mbili kamili usiku daftari lilifika mwisho, kwenye ile faili tuliyoiokoa mchana. Meneja alinipigia, sauti yake ikiwa na uchovu: "Sasa tayari?"

Nikamwambia: "Bado, mama. Tunakagua. Ile saa tatu na nusu haijabadilika."

Tulitumia muda wa saa moja na dakika ishirini katika ukaguzi, na huu ndio muda ambao wengi huukata kwa kuwa mfumo tayari unaonekana mzima. Tulifanya mambo mawili. Kwanza, programu inayoitwa `pg_amcheck` ilipita katika majedwali na faharasa kutafuta kurasa zilizovurugika, na ukaguzi wa namna hiyo ungeweza kuwaonyesha wale wa risiti mbili tatizo lao siku ile ile. Pili, karani wa langoni alituletea vibali ishirini vya mwisho vilivyochapishwa kabla ya saa nane na dakika kumi, tukavitafuta kimoja kimoja katika mfumo. Vyote vilikuwemo, pamoja na cha mwisho ambacho wino wake ulikuwa umekatika katikati ya ukurasa. Karatasi hizo ishirini zilinipa imani kuliko kipimo chochote cha kompyuta, kwa sababu zilitoka nje ya mfumo wenyewe.

Saa tatu na dakika ishirini lango likafunguliwa. Meneja alikuwa amewaambia madereva saa tatu na nusu tangu alasiri, kwa hiyo wengi walikuwa wamekwenda kula na kuswali, wakarudi kwa wakati.

Kabla ya kikao hiki ndugu mmoja aliniuliza mlangoni: je, tukiweka seva ya pili inayofuata ile kuu wakati wote, si tutakuwa tumeondokana na saa hizi zote? Kwa diski iliyokufa, ndiyo. Seva ya pili inakuwa imekwisha kurudia daftari kadiri linavyoandikwa, kwa hiyo Alhamisi ile ingeweza kuchukua nafasi ndani ya dakika chache, na ghala lile sasa linayo, katika jengo jingine. Lakini seva ya pili inafuata kila kitu, na mtu akifuta jedwali la ankara kwa makosa saa nne asubuhi, kufutwa huko kunafika upande wa pili mara moja. Siku hiyo mtarudi kwenye nakala na daftari, kwa saa zile zile. Ndiyo maana mama yule aliniagiza pia nakala kamili ichukuliwe kila usiku badala ya mara moja kwa wiki, ili daftari la kurudia lisizidi la siku moja. Mwezi uliopita tuliijaribu kwenye seva iliyo kando, saa ya ukutani ikiwa mbele yetu: kubeba kulichukua muda ule ule wa saa mbili na robo, na kurudia matukio kulichukua dakika thelathini na nane. Ameziandika namba hizo mbili kwenye karatasi na kuibandika ukutani, karibu na simu.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.